Feza ya nyumba imekwama ku banki: maswali watu wanauliza sana juu ya barua ya kumuandikia mwenye nyumba

Hapa Lubumbashi watu wengi sasa wanalipa nyumba kwa banki, zaidi sana kama mwenye nyumba haishi hapa, iko Kolwezi ao Likasi ao Ulaya. Inaenda vizuri miezi mingi, kisha mwezi moja feza inakataa kufika na mupangaji anabaki na kesi mukononi. Majibu haya ni ya mutu ambaye feza alikuwa nayo kweli, akaituma, ikakwama. Kama feza haukuwa nayo tangu mwanzo, ile ni barua ingine kabisa na karatasi za banki hazitakusaidia.

Niandike wakati gani?

Siku ile ile umejua. Usingojee mwenye nyumba akupigie, juu akikupigia yeye wa kwanza, barua yako yote itasomwa sawa kisingizio hata kama kila neno ni kweli. Lakini karatasi ya banki mara nyingi haitoki siku ile, donki fanya kwa hatua mbili: leo tuma mesaji fupi, kesho ao kesho kutwa, karatasi ikiwa mukononi, peleka barua yenyewe.

Mesaji inatosha hivi: "Jambo Mama, feza ya nyumba ya mwezi huu niliituma tarehe 6, banki imeirudisha. Nimeomba karatasi yenye kuonesha sababu, nikiipata nitawaandikia na tarehe mpya." Usitie tarehe mpya mu hii mesaji, bado haujui kitu. Watu wengi wanaharibikia pale, anaandika "kesho" juu ya kutuliza mutu, kesho inapita, na barua nzuri yenye inakuja nyuma inakuta tayari ahadi moja imevunjika.

Si nimpigie tu simu, barua ya nini?

Piga, ni heshima. Lakini simu haibaki, na miezi tatu nyuma hakuna mutu atakumbuka mulisemezana nini. Barua inabaki mu faridi yake na mu faridi yako, na ikiwa siku moja muko mbele ya watu wa biro ya abita ku komini, njo kitu wataomba kuona.

Banki wanatoa karatasi nyingi, ni gani inaonesha kweli kama nilijaribu kulipa?

Hapa njo pa maana zaidi, na watu wanachanganya sana. Kila karatasi inaonesha kitu kimoja tu, na ukileta moja kwa nafasi ya ingine mwenye nyumba akiwa na akili ataona tundu.

Ya kwanza ni kopi ya oda ya virema, ile fomu unajaza ku gishe kusema "toeni feza hii ku konte yangu, mupeleke ku konte ile". Ikiwa na kashe ya banki na tarehe, inaonesha kama siku ile uliomba. Haioneshi kama feza ilitoka. Mutu anaweza kuweka oda na konte iko tupu, banki wanapokea karatasi na kupiga kashe bila shida, halafu jioni oda inaanguka. Donki oda peke yake haitoshi, na mwenye nyumba mwenye amefanyaka biashara anajua hivyo.

Ya pili ni avi ya debi. Hii inasema feza ilikatwa ku konte yako, siku gani, kiasi gani, pamoja na fre ya banki. Sasa umeonesha kama feza ilikuwako na ilitoka. Lakini bado: mutu akiona avi ya debi peke yake atasema "basi imetoka kwako, iko wapi? Ningojee banki yangu." Na ikiwa feza ilisharudi kwako, unaonekana sawa unamuficha.

Ya tatu ni avi ya reje, yenye watu wengi hawaombe, juu hawajue iko. Banki ya mwenye nyumba ikikataa feza, inairudisha na sababu, na banki yako inaweza kukupa ile sababu kwa karatasi. Uliza ku gishe: "munipe avi ya reje ya virema yangu ya tarehe fulani, yenye motifu." Wakikuambia haiko, omba atestasyo fupi yenye kashe ikisema virema namba fulani ilirudishwa tarehe fulani kwa sababu fulani. Usitoke pale na maneno ya mudomo.

Ya ine ni ekstre ya konte, ile listi ya kila kitu kimeingia na kimetoka. Uzuri wake ni kama mu ukurasa moja inaonesha soldi mbele ya kutuma, mustari wa kutoka na mustari wa kurudi, kila moja na tarehe.

Kama unapashwa kuchagua mbili tu, mimi ningechagua avi ya reje na ekstre. Avi inasema juu ya nini, ekstre inasema feza ilikuwako tangu mbele. Zote mbili pamoja zinafunga muzunguko, hakuna mahali pa kuuliza "na kama".

Kaptire ya simu haitoshe?

Kwa mesaji ya kwanza inatosha. Kwa barua hapana, na si juu mwenye nyumba ni mubaya, ni juu kila mutu hapa amesharaona mesaji ya feza yenye ilitengenezwa. Karatasi yenye kashe, tarehe na namba ya referansi inaweza kuhakikishwa: ile referansi unaiandika ndani ya barua yenyewe, hivi akitaka anaipeleka ku banki yake na kuuliza kama waliona kitu chenye kufanana. Mara nyingi hataenda, lakini kuona umeipatia inabadilisha namna anakusoma.

Ni sababu gani zinafanya feza irudi?

Ziko nyingi, lakini ku feza ya nyumba karibu kila mara ni moja kati ya hizi.

Konte haikutosha juu ya fre. Nyumba ni dola 250, unaacha 254 ku konte, unasema iko sawa. Lakini banki inakata komisyo yake, na juu ya komisyo kuko TVA ya 16%. Tuseme komisyo ni dola 5, TVA yake ni senti 80, donki ulihitaji 255,80. Na 254 ku konte oda inaanguka, na ku karatasi watatia "provision insuffisante". Hii inauma juu kwa macho ya mwenye nyumba inasomeka sawa "hakuwa na feza", wakati ilikosekana dola mbili isiyofika. Kama njo hii yako, ekstre ni ya lazima kabisa, yenye kuonesha ile 254 ilikuwa imelala pale.

Konte ya feza ingine. Banki zetu zinatoa konte ya dola na konte ya falanga, namba mbili mbalimbali kwa mutu moja. Mwenye nyumba anakutumia ku Watsap namba ya falanga, weye unatuma dola. Kuko banki zinabadilisha zenyewe, kuko zinarudisha.

Namba ilikosewa. RIB yetu iko na tarakimu 23: tano za banki, tano za ajanse, kumi na moja za konte, na mbili za mwisho ni kle. Kle iko juu ya kukamata makosa, ukigeuza tarakimu moja haikubaliane na zingine na mashine inakataa. Ile ni bahati, juu feza inarudi, haiende kwa mutu mwingine.

Konte ya mwenye nyumba imelala ao imefungwa. Inafikaka kwa wazee wenye walifungua konte zamani na hawaitumie. Hapa kosa haliko kwako hata kidogo, lakini andika kwa upole, motifu ya banki itasema yenyewe.

Wakati mwingine ku karatasi utaona kodi fupi kwa nafasi ya maneno. AC01 ni namba ya konte yenye haiko sawa, AC04 konte imefungwa, AM04 feza haikutosha. Andika ile kodi ndani ya barua, halafu maana yake kwa Kiswahili ya kawaida.

Feza imetoka kwangu, haijafika kwake, na haijarudi. Niandike nini?

Hii ni ngumu zaidi kupita reje. Feza inaweza kuwa imelala mu konte ya kungojea ndani ya banki moja kati ya zile mbili, mutu anapashwa kuitafuta kwa mukono. Leta avi ya debi, uweke reklamasyo ya kuandika ku banki yako, wapige kashe ku kopi yako, na ile kopi njo unatia ku barua. Usiahidi siku ya feza kufika, juu haiko mu mikono yako. Ahidi siku ya kumupa habari: "Ijumaa tarehe fulani nitawapa jibu la banki, hata kama jibu ni bado."

Na usikimbilie kulipa mara ya pili na feza ingine kama haujakubaliana naye kwa maandishi. Ya kwanza ikitokea kisha, itakuwa umelipa miezi mbili, na kurudisha feza kutoka kwa mutu si kazi nyepesi. Mukikubaliana kama ya pili itahesabika mwezi unakuja, andika hivyo, sawa.

Tarehe mpya naichagua namna gani?

Hesabu siku za banki, usihesabu siku za kalendrie. Wacha nitembee na kesi moja polepole, ya mupangaji wa Bel-Air, komini ya Kampemba, mwenye nyumba ni mama anaishi Kolwezi. Nyumba dola 250, kontra inasema kulipa mbele ya tarehe 10.

Jumanne tarehe 6 januari 2026 anaweka oda. Jumatano tarehe 7 konte yake inakatwa 255,80. Ijumaa tarehe 9 mama anasema hakuna kitu kimeingia. Jumatatu tarehe 12 zinarudi 250, motifu inasema konte ya kupokea ni ya falanga. Angalia vizuri: zimerudi 250, si 255,80. Fre mara nyingi hairudi, juu banki inasema kazi ilifanyika. Donki kwa kutuma tena anapashwa kuongeza 5,80 yake, na kama soldi ilikuwa mukavu virema ya pili nayo itaanguka, sasa kwa kosa lake kabisa. Hii ni kitu cha kwanza kuangalia mbele ya kuandika tarehe yoyote.

Jumanne tarehe 13 anapata avi ya reje na mama anamutumia RIB ya dola. Oda mpya itaingia Jumatano tarehe 14. Mupangaji anataka kuandika "Ijumaa tarehe 16 itakuwa ndani", siku mbili zinaonekana nyingi. Lakini tarehe 16 januari ni konje, siku ya Laurent-Désiré Kabila, na tarehe 17 ni konje ya Lumumba, halafu 18 ni siku ya Mungu. Banki inalala siku tatu. Mara ya kwanza feza ilikatwa siku moja nyuma ya oda, basi tuseme itakatwa Alhamisi 15, inaingia kwa mama Jumatatu 19 ao Jumanne 20. Tarehe ya kuandika ni Jumatano 21.

Ile siku moja ya kuongeza si uvivu. Feza ikifika 20 na uliandika 21, umefika mbele ya ahadi yako. Ikifika 21 na uliandika 20, ni mara ya pili umekosa, na hakuna karatasi ya banki itafuta ile.

Angalia pia siku ya mushahara. Kama feza yenyewe itatoka ku mushahara wa kazi na kazi yenu inalipa "mwisho wa mwezi", angalia mu ekstre za miezi iliyopita siku gani uliingia kweli, na uhesabu kuanzia pale.

Barua yenyewe inakuwa namna gani?

Ukurasa moja. Hii ni ile ya mupangaji wa Bel-Air, majina nimeyaacha wazi:

Lubumbashi, tarehe 13 januari 2026

Kwa Mama …………, mwenye nyumba ya avenyu ……… namba …, Bel-Air, komini ya Kampemba

Jambo: feza ya nyumba ya mwezi wa januari 2026 yenye banki ilirudisha, na tarehe mpya ya kulipa

Mama,

Ninawasalimia na heshima. Ninawaandikia juu feza ya nyumba ya mwezi huu, dola 250, haijawafikia, na kontra yetu inasema mbele ya tarehe 10.

Tarehe 6 niliweka oda ya virema ku banki yangu, referansi ……… Tarehe 7 konte yangu ilikatwa. Tarehe 12 feza ilirudishwa, juu namba ya konte yenye nilikuwa nayo ni ya falanga na mimi nilituma dola. Feza iko sasa ku konte yangu, haijatumiwa kwa kitu kingine.

Ninatia pamoja na barua hii: avi ya reje yenye kashe ya tarehe 13, na ekstre ya konte kuanzia tarehe 5 mupaka tarehe 13.

Kesho tarehe 14 nitatuma tena dola 250 ku konte ya dola yenye mumenipatia leo, yenye kuishia na …… Juu ya konje za tarehe 16 na 17, itakuwa ku konte yenu kwa kuchelewa sana Jumatano tarehe 21 januari. Fre ya virema zote mbili ni juu yangu. Kopi ya oda mpya nitawatumia kesho ile ile ku Watsap.

Ninaomba musamaha kwa usumbufu, na ninaomba muniandikie neno moja tu kama tarehe hii munaikubali.

Mupangaji wenu,
……… (sahihi, namba ya simu)

Ona kama mu barua hii hakuna neno juu ya ugonjwa, masomo ya watoto, ao namna maisha imepanda bei. Kila mustari unaweza kushikwa na kidole ku karatasi ya banki. Na ona "fre ni juu yangu": dola 5,80 mara mbili haitakuua, na inazuia swali la kwanza lenye mama angeuliza.

Lakini namba alinipatia yeye, juu ya nini niombe musamaha?

Unaomba musamaha kwa usumbufu, hausemi kosa ni lako. Na hauandike "namba mbaya yenye mulinipatia", unaandika "namba yenye nilikuwa nayo ni ya falanga". Ukweli ni ule ule, akisoma anajua mwenyewe ilitoka wapi, na haukumuaibisha mbele ya watoto wake kama njo wanamusomea. Ile mesaji yake ya Watsap yenye namba uichunge tu, usiifute.

Ni maneno gani yanaweza kuniharibia?

"Ninakubali sikulipa." Ulilipa, ikarudi, sema hivyo. "Karibuni", "wiki inakuja", "banki ikifungua": hayana tarehe, donki hayana kitu. "Nitafanya juu chini": pia hapana. Na "kama kawaida" usiitie, hata kama ulichelewa mara ingine, hapa unaandika juu ya mwezi moja.

Sitaki aone mushahara wangu. Naweza kuficha mistari ku ekstre?

Ndiyo, ni haki yako, konte ni yako. Funika na karatasi kisha upige kopi, ao uombe banki ekstre ya siku chache tu. Acha wazi vitu hivi: jina lako, namba ya konte hata tarakimu za mwisho, soldi ya siku ya oda, mustari wa kutoka, mustari wa kurudi, na tarehe. Usifunike soldi ya siku ya oda, juu njo inaonesha feza ilikuwako, ukiifunika umeondoa roho ya karatasi yote. Na usifanye ile kazi na aplikasyo ya kubadilisha foto, funika kwa wino ao karatasi yenye kuonekana, hivi mutu anajua ni kuficha na si kutengeneza.

Feza imerudi kwangu. Si nitoe tu kash nimupelekee mukononi?

Kama anaishi hapa, mara nyingi njo dawa, na barua inakuwa fupi zaidi: tarehe mpya inaweza kuwa kesho. Lakini muulize kwanza, kuko wenye wanataka ipite ku banki juu ya mahesabu yao. Ku gishe angalia dola moja moja mbele ya kutoka, unajua vile hapa noti yenye kupasuka kidogo ao yenye kuandikwa haipokelewe, na ukifika kwa mwenye nyumba na noti mbili zenye anakataa, tarehe yako imeharibika kwa kitu kidogo. Akipokea, akuandikie resi: kiasi, mwezi, tarehe, jina, sahihi. "Nimepokea dola 250" bila mwezi haitoshe, juu kisha anaweza kuihesabu ku deni ingine.

Nimuambie akate ile mwezi mu garanti?

Mimi nasema hapana, zaidi kama feza iko. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 desemba 2015 inaweka garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi tatu, na kazi yake ni kulinda mwenye nyumba mupaka siku unatoka. Ukiandika "kateni mu garanti", umesema mwenyewe kama haulipe, umefungua tundu lenye atakuomba kujaza, na siku ya kutoka mutabishana ilibaki miezi ngapi.

Banki imerudisha na sasa niko na nusu tu, nilipe nusu?

Lipa, kama anakubali, na barua iwe na tarehe mbili na viasi viwili, hesabu yake iwe sawa mupaka dola ya mwisho.

Niandike Kifaransa ao Kiswahili?

Andika luga yenye mwenye nyumba anasoma bila kuita mutu. Wengi wanafikiri bila Kifaransa haina nguvu, lakini nguvu iko ku tarehe, kiasi, referansi na karatasi za nyuma. Kama unaogopa inaweza kufika mbali, kontra yenu ni ya Kifaransa na biro zinafanya kazi Kifaransa, tia zote mbili, Kiswahili upande moja, Kifaransa ku mugongo, na uangalie tarehe zifanane.

Namupelekea namna gani?

Kopi mbili. Moja anabaki nayo, ingine anaandika "nimepokea", tarehe na sahihi, unarudi nayo. Kama iko mbali, piga foto ya kila ukurasa yenye kuonekana wazi, tuma ku Watsap kwa namba yake mwenyewe, na uombe jibu la kuandika. Usipitishe kwa komisyonere, kazi yake iliisha siku ulipata nyumba. Mulinzi wa parseli naye umuache nje, mambo ya feza yako hayamuhusu na mutaa wote utajua mbele ya jioni.

Mwenye nyumba amekataa tarehe, anasema nitoke ao anataka kutia kifungulio kingine. Inakuwaje?

Hawezi kukutoa kwa nguvu yake mwenyewe wala kutupa vitu vyako nje, kutoa mutu mu nyumba kunapitia tribinali. Mbele ya kufika kule, peleka barua yako na karatasi za banki ku biro ya abita ya komini yako, wanaita watu wawili na wanajaribu kuwasikilizanisha. Pale njo utaona faida ya avi ya reje, juu yule mutu wa biro hakujui weye na hamujui yeye, anaangalia tu nani iko na karatasi.

Na endelea kutuma feza siku uliandika, hata kama alikataa tarehe. Kukataa kwake hakufute deni. Akifunga konte ao akakataa kash, andika tena mistari miwili: "leo tarehe fulani nilileta feza, haikupokelewa", na feza uichunge ku konte bila kuigusa.

Tarehe mpya imefika, virema ya pili nayo imekwama. Sasa?

Usiandike barua ingine ya kufanana na ya kwanza. Muandikie siku ile ile, mistari mitatu, na ubadilishe njia: kash, ao feza ya simu kama kiasi kinaingia mu kikomo cha konte yake na fre unalipa weye. Mara ya pili motifu ya banki haina uzito tena kwa mwenye nyumba, hata ikiwa ya kweli kabisa, na ana haki. Kama njia ya simu, hakikisha jina linatokea ku skrini mbele ya kutia kodi ya siri ni lake, halafu mutumie referansi na umuombe aandike "nimepokea feza ya nyumba ya januari".

Ile avi ya reje ya kwanza na ya pili zibaki mu faridi pamoja na kontra, usizitupe hata kama mwezi umelipwa.